Jina Lililotuma Pesa

Hoteli yangu iko Sherikat, hapa Juba, karibu na daraja, mahali malori yanaposimama madereva wakitafuta kitu cha moto kabla ya kuvuka. Hoteli ni neno kubwa. Ni mabati, benchi tano, majiko ya mkaa na mimi. Nilijifunza kupika cha kuuza nikiwa Kitale, miaka ya ukimbizi, na Kiswahili changu nilikiokota hukohuko sokoni. Kusoma nilijifunza nikiwa tayari na wajukuu, kwenye darasa la kanisa. Nasoma polepole, kidole kikitangulia. Lakini nasoma, na mtu asiniambie sisomi.

Nayasema haya mapema ili mjue kichwa changu kilivyokuwa kimevimba.

Siku hizi watu wengi hawabebi noti. Pauni zetu ni nyingi na thamani yake ni ndogo, ukinunua chakula cha watu kumi unabeba bunda kama tofali. Kwa hiyo wanalipa kwa simu. Mteja anabonyeza yake, yangu inalia, meseji inasema nimepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Na palipo na pesa hapakosi mwizi. Wakaanza kutuma meseji za uongo, zimeandikwa vilevile, tarakimu zimepangwa vizuri, hata salio jipya limetajwa chini. Jirani yangu Mganda, mama anayeuza mkaa, alipakia magunia yake kwenye gari la mtu kwa meseji ya namna hiyo. Gari lilipokwisha kuondoka ndipo akagundua hakuna kilichoingia. Alilia mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mkaa, na alipoinuka sketi yake haikuwa na rangi tena.

Mimi nilimpa pole mdomoni. Moyoni nilisema, huyu ni mjinga. Mimi hawaniwezi.

Sasa mjukuu wangu wa kike anafanya kazi mjini, katika kampuni ya pesa za simu, upande wa kusikiliza wateja. Anashinda amevaa vile vya masikioni, akisikiliza watu wanaolia kama yule mama wa mkaa. Kampuni ilikuwa imebandika onyo kwenye maduka yote, na kwangu lilikuwa ukutani, juu ya ndoo ya kunawia mikono. Lilisema: Jihadhari na meseji bandia. Basi. Ni kama kumwambia mtu jihadhari na nyoka, halafu usimwambie nyoka gani na amejificha wapi. Mjukuu wangu akapewa kazi ya kuliandika upya, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Sherikat na Nyakuron, ili mtu ajue jinsi ya kuitambua meseji ya kweli.

Akaja kwangu Jumapili baada ya ibada, karatasi mkononi.

"Nyanya, nisomee hii. Uniambie wewe kama muuzaji, unaielewa?"

Nilivaa miwani. Nilijisikia mtu mkubwa, siwezi kuficha. Kampuni nzima ile, na wanamtuma mtoto kwangu.

Mstari wa kwanza ulisema usiangalie meseji kwenye simu ya mnunuzi, subiri iliyo kwenye simu yako. Nikasema huo ni mzuri. Mwingine ulisema usimwambie mtu yeyote namba yako ya siri. Mzuri pia. Halafu ukaja mstari mrefu: hata ukipata meseji, fungua menyu ya huduma kwenye simu yako mwenyewe, angalia salio, hakikisha limeongezeka, ndipo utoe bidhaa.

Hapo nikarudisha kidole mwanzoni.

Ukweli ni huu: sikuwa najua kuangalia salio. Kila nilipotaka kujua nina nini, nilimpa mjukuu simu, naye akabonyeza, mimi nikaweka namba ya siri, akanisomea. Akiwa hayupo nilikisia. Miaka yote hiyo nilijipitisha kama mtu anayejua. Na sasa mtoto ananiuliza kama naelewa, na mimi sikutaka aone kwamba sijui.

"Huu utoe," nikasema. "Ni mrefu. Mtu ana unga mikononi, wateja wamesimama, nani ataanza kupekua menyu?"

"Nyanya, huo ndio wenyewe. Meseji inaweza kughushiwa. Salio lako, ukilifungua mwenyewe, halighushiwi."

"Nakwambia hakuna atakayefanya. Andika kitu rahisi. Andika: angalia jina. Jina la kwenye meseji liwe la mtu aliyesimama mbele yako. Likiwa lingine, huyo mwizi."

Akashika kalamu bila kuandika. "Hapa Juba majina yanachanganyika, nyanya. Watu wengi..."

"Wewe umeuza chakula lini? Mimi nilikuwa nauza kabla mama yako hajaota meno."

Akaandika. Ananidekeza yule mtoto, ananiheshimu kupita kiasi. Mstari wa salio akaukata kwa kalamu. Alisema msimamizi wake pia alikuwa amelalamika kwamba maneno ni mengi, kwa hiyo labda nyanya ana haki. Kesho yake akaniletea nakala ya kujaribia. Nikaing'oa ile ya zamani, nikabandika yetu. Kampuni ingesubiri siku chache isikie wauzaji wanasemaje, kisha ichapishe nyingi.

Nilimwonyesha kila aliyekula kwangu wiki ile. "Hii, mimi ndiye niliyeiandika." Dereva mmoja wa Mombasa akaniuliza kama kampuni itanipa ofisi. Nikamwambia ofisi ninayo, ndiyo hii, na wewe hujamaliza ugali.

Alikuja mtu mmoja siku ya Ijumaa kuagiza chakula. Mwanamume bado kijana, mpakiaji wa mizigo kule uwanja wa ndege, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru, maana alilelewa huko kama watoto wetu wengi. Alitaka wali, maharagwe na nyama, vya watu wengi, vya matanga nyumbani kwao Nyakuron. Alileta masufuria matatu makubwa ya kanisa. Aliniambia jina lake, nikalishika. Alisema atalipa akija kuchukua. Nikamwambia sawa.

Kesho yake, mchana, akafika na raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu. Masufuria yalikuwa yamejaa na yamefunikwa. Hoteli ilikuwa na madereva, yule mama wa mkaa alikuwa kwenye benchi anakunywa chai. Mtu yule akabonyeza simu yake. Yangu ikalia.

"Imefika, haboba?"

Haboba, kwa Kiarabu cha Juba, ni nyanya. Nikaweka kidole kwenye kioo. Kiasi ni sawa. Jina sasa. Nikalisoma mara mbili. Lilikuwa jina la mwanamke.

Niwaambie kitu cha aibu: nilifurahi. Nilikuwa nimengoja mwizi wangu wiki nzima.

"Kuna kitu kimefika," nikasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Lakini kina jina la mwanamke. Wewe ni mwanamke?"

Madereva wakacheka. Yeye akatabasamu, akidhani ni utani.

"Ni laini ya mama. Niliporudi kutoka Kenya sikuwa na kitambulisho, yeye akanisajilia kwa jina lake. Mpaka leo natumia hiyo."

"Basi mwite mama yako aje aseme pesa ni zake."

Tabasamu likaondoka.

"Haboba, ndiye tunayemfanyia matanga."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikuwa na karatasi ukutani na watu wananitazama.

"Alaa! Siku hizi hata marehemu wanatuma pesa? Kumbe huko waliko mtandao ni mzuri kuliko Juba!"

Vicheko vililipuka. Nilivisikia vikipanda mpaka kwenye mabati, na vilinipendeza. Mtu yule aliangalia chini kama mtu aliyeangusha kitu.

Yule mama wa mkaa akaweka kikombe. "Mama, wewe wacha maneno. Angalia balansi yako. Hiyo simu si iko mkononi?"

"Wewe unayegawa mkaa bure ndiye wa kunifundisha mimi? Soma pale! Angalia jina. Nani aliandika? Mimi."

"Mimi iko nasema tu. Mimi waliniiba juu sikuangalia balansi. Si juu ya jina."

Nikamgeuzia mgongo. Mpakiaji akanyoosha simu yake nione meseji yake ya kutuma. Nikasema onyo limekataza kutazama simu ya mnunuzi, na hilo kweli lilikuwa sahihi, ndiyo sababu nilizidi kujiamini. Akasema basi tupige simu kwa kampuni. Nikasema utanipa namba ya mwenzako. Akasema, kwa upole, namba ya kampuni ipo hapo kwenye karatasi yako.

Mtu asiye na jibu hupaza sauti.

"Chakula hakitoki hapa! Kalas, imekwisha!"

"Watu wanangoja, haboba. Mchungaji amefika."

"Wangoje."

"Basi nipe masufuria. Ni ya kanisa."

Nikamimina wali kwenye beseni zangu. Nikamimina nyama, nikamimina maharagwe, yote mbele yake, nikamrudishia masufuria matupu, mafuta bado yanateleza ndani. Aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye raksha. Yaligongana njiani yakiondoka, na mlio ule niliusikia muda mrefu baada ya raksha kupotea kwenye vumbi.

Dereva mmoja tayari alikuwa kwenye simu akimsimulia mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya daraja. "Mjihadhari na jamaa mmoja wa airport, anatumia pesa za marehemu!"

Mjukuu wangu alifika saa tisa, ametoka kazini, anataka kujua karatasi inafanyaje kazi. Nikamwambia karatasi imemkamata mwizi. Nikamsimulia yote, na sehemu ya mtandao wa marehemu niliisimulia mara mbili. Hakucheka.

"Nipe simu."

Akafungua menyu. Akanigeuzia, nikaweka namba ya siri. Akatazama. Akafungua sehemu ya miamala ya karibuni, akalinganisha namba ya muamala na ile ya kwenye meseji. Nilimwona uso unavyobadilika, kama maji yanapotulia kwenye ndoo.

"Nyanya, pesa imeingia. Ipo hapa. Ni yake."

"Na jina?"

"Laini yako wewe imesajiliwa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Hapana. Langu. Mimi ndiye niliyepanga foleni, kitambulisho chako kilikuwa hakijatoka. Wewe ukimlipa mtu, anaona jina la msichana. Kwa sheria yako nyanya, wewe ni mwizi kila siku."

Yule mama wa mkaa alikuwa bado pale. Angeweza kusema chochote. Aliinuka, akachukua kifuniko cha beseni, akasema, "Chakula bado iko moto. Sisi kwenda."

Tulikwenda watatu, mabeseni mapajani, raksha ikiruka mashimo hadi Nyakuron. Nilikuwa najipangia maneno njiani. Mimi maneno sijawahi kuyakosa. Tulipofika chini ya turubai nikakuta mchungaji ameondoka, viti vingine vimeinuliwa, na watu waliobaki wana vikombe vya chai na biskuti za dukani mkononi. Matanga ya mama wa mtu, na watu wamepewa biskuti.

Mpakiaji akasimama kutupokea. Alinivutia kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu, haboba. Keti. Mleteeni chai."

Kama angenitukana ningepona. Mwanamke mmoja mzee, dada wa marehemu, akamuuliza, "Ndiye huyu?" Naye akatikisa kichwa kukubali. Yule mwanamke akanitazama juu mpaka chini.

"Umekuja kuhakikisha kama amekufa kweli?"

Maneno yote niliyoyapanga yakaniponyoka. Nikasema, "Nimekosa. Pesa ilikuwa imeingia. Sikuangalia, kwa sababu sijui kuangalia." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo mbele ya watu, na nililisema mahali ambapo hakuna aliyelihitaji. Walihitaji chakula saa ile wali ulipokuwa unatoa mvuke. Nilitaka kurudisha pesa, yeye akakataa, akasema chakula cha matanga hakirudi kilikotoka na pesa yake pia hairudi. Wakagawa. Niliishika sahani yangu, nikatafuna na kutafuna. Nyama ile niliipika mimi na ilikuwa imekuwa mpira.

Tuliandika upya Jumatatu, mezani kwangu hotelini. Safari hii mjukuu hakuniuliza kama naelewa. Alinipa simu akasema, "Fungua mwenyewe." Nikabonyeza vibaya, nikaanza tena. Kwenye namba ya siri, ambayo siku zote niliiweka kwa kuambiwa, nikasita. Nikamuuliza, si tumeandika usiitoe? Hapo akashika kalamu. Akasema kumbe hilo nalo linawachanganya watu, wengi wanaopiga simu ofisini huogopa menyu kwa sababu inauliza namba ya siri. Nikamwita yule mama wa mkaa, akasema ni kweli, ndiyo maana hata yeye siku ile ya magunia aliogopa. Tukaandika hivi, na kila mstari tulimsomea dereva mmoja, asipoelewa tunaubadilisha:

*Meseji peke yake si pesa. Usitazame meseji kwenye simu ya mnunuzi. Ukipata yako, fungua menyu kwenye simu yako mwenyewe, angalia salio. Menyu itakuuliza namba ya siri: iweke wewe mwenyewe, ficha kwa mkono, hilo si kosa. Kosa ni kumwambia mtu, hata akisema anatoka kampuni. Salio likiongezeka, pesa imeingia, toa bidhaa. Lisipoongezeka, subiri, mtandao huchelewa; usitoe bidhaa, usimtukane mtu. Usipige namba iliyo ndani ya meseji. Piga ya kampuni iliyo hapa chini. Mtu akisema alikosea kutuma na anataka umrudishie, angalia salio kwanza, kisha mpeleke kwa kampuni. Jina likiwa si la mnunuzi, hiyo si dalili ya wizi. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la ndugu. Angalia salio.*

Msimamizi wake alisema ni ndefu. Mjukuu wangu akamweleza habari ya matanga, bila kunitaja, alisema ni muuzaji mmoja tu. Msimamizi akaipitisha. Nikamwambia angenitaja. Akasema, "Kwa nini, nyanya? Wewe utajitaja mwenyewe."

Na kweli nilijitaja. Ilinibidi, kwa sababu ile hadithi ya madereva ilikuwa imevuka daraja, ikazunguka mji, ikaingia uwanja wa ndege kabla yangu. Wenzake kule walikuwa wanamwita Marehemu. Wenye mizigo walikuwa wanamruka, wanampa kazi mtu mwingine, maana nani anamkabidhi mzigo mtu anayesemwa hivyo? Hilo nililijua kwa dereva aliyekula kwangu na kulisimulia kama kichekesho, hajui kwamba mpishi wa hadithi hiyo ni mimi. Nikaweka upawa chini. Nikamwambia, wewe kijana, yule mtu alilipa. Aliyekosa ni mimi. Simulia hivyo, usimulie kwa sauti ileile. Nikawaambia wote, kila meza, siku baada ya siku, nikionyesha karatasi ukutani. Wengine walicheka. Safari hii walinicheka mimi, na mabati ni yaleyale.

Hata nikaenda uwanja wa ndege, kwenye banda la mizigo, nikasimama mbele ya wapakiaji nikasema. Yeye alikuwa ana boksi begani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, haboba," akaendelea kubeba. Sijui kama nilimsaidia au nilimwaibisha tena.

Alirudi hotelini baada ya majuma kadhaa, kununua chakula cha kundi lake. Alisimama palepale. Akabonyeza, simu yangu ikalia. Nikafungua menyu mwenyewe, mkono ukificha, nikaona salio limeongezeka.

"Imeingia," nikasema.

Nilipokuwa nafunga simu nikaiona ile meseji. Namba ilikuwa ileile, lakini jina lilikuwa lake.

"Umebadilisha jina la laini," nikasema.

"Nimebadilisha, haboba. Nilipata kitambulisho, nikapanga foleni siku mbili. Ni afadhali hivi." Akachukua masufuria. "Nilikuwa napenda tu, nikituma pesa, wanaona jina la mama."

Nilikuwa nimemwekea nyama zaidi. Hakuiona, kifuniko kilikuwa tayari juu.